Wimbo Usiomtaja Mkosaji: Mapatano ya Kanisa Lililogawanyika Eastlands



Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki waligawanyika hapa Kenya. Waliojitenga walijulikana kama Kufufuka. Wale wengine wakaja kuitwa Ofafa, jina ambalo kila aliyelelewa upande huu wa Nairobi analitamka bila kufikiri, kwa kuwa lipo kwenye mitaa yetu: Ofafa Maringo, Ofafa Jericho. Kabla ya hapo watu hawa walikuwa wamekaa benchi moja, wamelia pamoja, wamekula pamoja. Baada ya hapo walipitana njiani. Ila jambo moja halikubadilika pande zote mbili, nalo ndilo limenileta mbele yenu leo. Kila kundi liliendelea kuimba pambio lile lile la Kiganda, “Tukutendereza Yesu”, kwa sauti ile ile.

Mtu anaweza kusema basi wimbo haupatanishi chochote. Mimi nasema tuuangalie kwanza ulivyokuwa ukifanya kazi, ndipo tuulaumu. Nimeombwa nizungumzie wimbo wa mapatano katika kanisa lililogawanyika, wimbo unaosamehe bila kusema nani alikosa, na sijui mahali pa kujifunzia hilo panapopita Uamsho: kwa lile lililofaulu, na zaidi kwa lile lililoshindikana.

Uamsho ulianza Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Nairobi uliwakuta watu waliotoka kila upande wa nchi kutafuta kazi, wamepangwa katika mitaa ya baraza la jiji mashariki ya mji: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, na baadaye Bahati, Mbotela na hizo Ofafa. Tukumbuke majina mawili ya mwisho yalikotoka. Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952 na Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, mwaka 1953, siku za Hali ya Hatari. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa kutoka mitaa hii wakapelekwa kambini. Kwa hiyo mitaa inayobeba majina ya waliouawa ilikuja kukaliwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kutoaminiana. Katika siku hizo ndugu wa Uamsho walikuwa na msimamo mgumu: wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao pia walikataa kubeba bunduki ya serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa.

Mkutano wao ulikwenda hivi. Mtu alisimama akaungama. Aliitaja dhambi yake kwa jina: nilimwibia fulani, nilimchukia ndugu huyu, nilisema uongo kazini. Sharti lilikuwa moja, nalo ndilo kiini cha mhadhara huu. Aliruhusiwa kutaja lake peke yake. Ikiwa wawili waligombana, hakupaswa kusema “nilimtukana kwa sababu alinidhulumu”. Alisema “nilimtukana”, akanyamaza. Ile nusu ya pili ya sentensi ilikuwa mali ya yule mwingine, aiseme akitaka, na asipotaka ibaki ndani yake. Wenyewe waliita hilo kutembea nuruni. Alipomaliza, wote walipokea kwa wimbo, wakamshika mkono, wakamkumbatia.

Tazameni wimbo ulipokaa. Umekuja mwishoni, baada ya mtu kusema, na haukuimbwa na aliyeungama peke yake wala na aliyekosewa peke yake. Umeimbwa na chumba kizima. Na maneno yake hayasemi lolote kuhusu ugomvi. Yanamsifu Yesu na kusifu damu isafishayo, basi. Kwa hiyo aliyeungama hakuachwa amesimama peke yake mbele ya macho ya watu, na yule aliyekosewa hakulazimishwa kutangaza msamaha ambao labda ulikuwa haujamwiva moyoni. Aliimba tu pamoja na wengine. Wiki moja aliimba kwa shida, wiki ya pili kwa urahisi kidogo.

Na lugha! Mara nyingi nimesikia watu wakisikitika kwamba wazee wetu waliimba Kiganda badala ya lugha zao. Nadhani wazee walijua walichokuwa wakifanya, au kama hawakujua, bahati iliwafaa. Katika chumba cha Kaloleni au Bahati chenye Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba na Mluhya, wimbo wa mapatano ukiimbwa kwa lugha ya mmoja wao, tayari mmoja yuko nyumbani na wengine ni wageni. Kiganda hakikuwa cha yeyote kati yao. Kila mmoja alikosea matamshi sawasawa na mwenzake.

Sasa turudi kwenye ule mgawanyiko. Ulikuwa na mwenzake Uganda, ambako kundi lililojiita waliofufuka tena, likiongozwa na Yona Mondo, lilishikilia kwamba waliookoka wamelala: wanakopa, wanajipamba, wanapenda mali. Kumbukeni lile sharti. Sasa mtu hakusimama kusema lake. Alisimama kusema la wenzake: ninyi mmelala. Wale wengine nao wakajibu: ninyi mna kiburi. Zaidi ya miaka kumi nyuma, jambo kama hilo lilikuwa limekwisha kuwatenga Waanglikana wa Kijaluo huko Nyanza. Wale walioitwa JoHera, watu wa upendo, walichoshwa na JoRemo, watu wa damu, waliowahukumu wenzao kuwa hawajaokoka. Mwaka 1957, chini ya Kasisi Matthew Ajuoga, wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Mnaona njia? Kuungama kulipogeuzwa kuwa kushtaki, wimbo ulibaki ule ule lakini kazi yake ikabadilika. Kila upande uliuimba kama ushahidi kwamba nuru iko kwao. Kwa maneno yake hakuna mtu angeweza kuushtaki wimbo huo. Kilichokosekana ni kile kilichotakiwa kuutangulia.

Hili ndilo ninalotaka mlishike kabla sijaingia kwenye utunzi. Wimbo usiomlaumu mtu hauwezi kubeba mzigo wa lawama iliyo bado mezani. Lawama ishughulikiwe mahali pake kwanza.

Nichukue mfano wa kubuni, lakini si wa mbali. Kanisa liko katika mojawapo ya mitaa ya Eastlands. Waumini walifanya harambee ya kuezeka paa. Halmashauri ilipoona fedha hazitoshi paa zima, ikajenga ukuta kuzunguka kiwanja, kwa hofu ya wanyakuzi wa ardhi. Mvua ikanyesha, ibada ya pili ikaloa. Wengine wakasema fedha za paa zimeliwa, wengine wakasema bila ukuta tusingekuwa na kiwanja cha kuwekea paa. Nusu ya watu, wakiwemo karibu wote wa kwaya, wakahamia darasa la shule ya msingi ng’ambo ya barabara. Mwaka na nusu ukapita. Sasa wazee wamekubaliana warudi pamoja, na mwalimu wa kwaya ameambiwa atunge wimbo.

Kazi ya kwanza ya huyu mwalimu ni kukataa kutunga mpaka vitabu vya hesabu vikaguliwe. Najua hilo linashangaza, mtu wa muziki kuingilia mambo ya mweka hazina. Lakini kama fedha zilijenga ukuta kweli, huo ulikuwa ugomvi wa uamuzi, watu wazima wenye nia njema walikosana, na wimbo usio na lawama unafaa kabisa. Kama zililiwa, kuna aliyeiba na kuna walioibiwa. Hapo wimbo wa “sote tulikosa” utakuwa dhuluma ya pili juu ya ya kwanza. Mama aliyetoa mia mbili zake za kuuza mboga hakukosa chochote. Msimwimbishe toba ya mtu mwingine.

Viongozi wa makanisa nchini walionyesha tofauti hii vizuri Februari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizofika pia Mathare, Huruma na Kariobangi. Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, lilitoa tamko likikiri kwamba viongozi wenyewe walikuwa wameegemea upande. Hawakusema taifa zima lilikosa. Walisema sisi tulikosa, na hawakuwasemea waliofukuzwa majumbani mwao. Hilo ni lile sharti la zamani la Uamsho, limetamkwa na watu wenye vyeo.

Tuseme basi vitabu ni safi, ukuta unaonekana, risiti zipo. Mwalimu anaketi kuandika. Mtego wa kwanza ni hadithi atakayoichagua. Tisa kati ya walimu kumi, nakisia, watakwenda moja kwa moja kwa mwana mpotevu. Ni hadithi nzuri na kila mtu anaijua, na ndiyo shida yake. Ina nafasi zilizokwisha kupangwa. Yupo aliyekula mali na yupo aliyebaki nyumbani. Ikiimbwa, wale wa darasani watajua kwamba wao ndio wametoka kwa nguruwe. Nao, kwa hasira, watawatazama wenzao na kumwona yule kaka mkubwa aliyenuna nje ya karamu. Kondoo aliyepotea ni vivyo hivyo, maana wale tisini na tisa hawakupotea na hakuna anayewauliza kitu. Beti kama hii inatungwa kwa moyo mweupe, na inaumiza:

Mlango ungali wazi, rudini ninyi nyumbani,
Baba yu kizingitini, awangoja masikini.

Mapenzi yamejaa, lakini wapo “ninyi”, na wapo masikini wanaongojwa. Waliobaki wameketi kizingitini pamoja na Baba.

Biblia ina hadithi nyingine zinazofaa zaidi, na ajabu ni kwamba kwaya zetu haziziimbi. Katika Matendo sura ya 15, Paulo na Barnaba wanagombana vikali juu ya Marko, wanaachana, mmoja anapanda meli kwenda Kipro, mwingine anapita Shamu na Kilikia. Luka hasemi nani alikuwa na haki. Amesimulia kila kitu kingine, hili ameliacha. Miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaomba Marko aletwe kwa kuwa anamfaa. Hakuna maelezo katikati. Na kwa Wafilipi, sura ya 4, wako wanawake wawili, Euodia na Sintike. Paulo anamsihi mmoja, kisha anarudia kumsihi wa pili kwa neno lile lile, kana kwamba anachelea asionekane kumsihi mmoja zaidi. Walichogombania hakukiandika. Mtunzi mwenye sikio atajifunza hapo kwamba usawa wa maneno ni sehemu ya ujumbe.

Mtego wa pili ni ile “sisi” ya haraka. Watu hudhani kwamba ukiandika “tulikosa” umeepuka lawama. Lakini “tulikosa” ikiimbwa na watu mia tatu ina mianya mingi ya kujifichia, na kila mtu ndani yake husikia “walikosa”. Uamsho ulijua: anayeungama ni “mimi”, anayepokea ni “sisi”. Ningemshauri mwalimu wetu agawe wimbo namna hiyo, tukio lisemwe kwa “sisi”, deni lisemwe kwa “mimi”. Nimejaribu beti moja, nanyi mnaruhusiwa kuikosoa:

Tulikula meza moja, tukainuka na njaa,
Kila mmoja na lake, nyumba ikakosa taa;
Bwana nina deni langu, la mwenzangu sitataja,
Nipe mkono nimpe, ndipo wimbo utakuja.

Haina ukuta, haina paa, haina darasa. Inasema ugomvi ulikuwepo, maana wimbo unaojifanya hapakutokea kitu huwachukiza watu wa pande zote. Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Mtu anayeuimba anajifunga mwenyewe asitaje la jirani, na anajifunga kwa sauti, huku jirani anasikia.

Namna ya kujua kama beti imepona ni rahisi. Mwalimu awasomee watu wawili, mmoja wa kila upande, kila mmoja peke yake, aulize: unadhani mstari huu unamsema nani? Wakijibu kwa jina, au wakicheka kidogo, mstari ufutwe. Sisi ni watu wa mafumbo. Tumezoea nyimbo za harusi na za ngoma zinazopeleka salamu kwa mtu fulani bila kumtaja, na masikio yetu yako macho kuliko mtunzi anavyofikiri. Hata neno la kawaida kama “ukuta”, ambalo katika wimbo mwingine lingekuwa ukuta wa Yeriko, katika kanisa hili limekwisha kuharibika. Halitumiki kwa miaka.

Baada ya maneno, sauti. Hapa walimu wa kwaya mtanisamehe, nitasema yanayoudhi. Wimbo huu usiwe wa kwaya. Kumbukeni kwaya ndiyo iliyohama. Ikisimama mbele na sare zake na vipaza sauti, ikaimba kwa sauti nne zilizofanyiwa mazoezi huku waliobaki wameketi wakisikiliza, basi waliohama wamerudi kuwa wenye nyumba. Wakinyimwa kuimba, nao wamerudi kuwa washtakiwa. Njia iliyo wazi ni tuni ambayo mtu asiyejua kuimba ataishika mara ya pili: isipande juu sana, isiwe na mruko mkubwa, mistari mifupi, na kiitikio kinachorudi mapema. Kwa wanaosoma solfa, ikae kati ya do na la, na do yenyewe iwekwe chini kidogo ili wanaume wa makamo wasinyamaze. Mwanamume anayenyamaza kwa sababu noti imemshinda huonekana sawasawa na anayenyamaza kwa sababu hajasamehe, na watu watamtafsiri vibaya.

Kwa kuwa mtindo wetu ni wa kiongozi na waitikiaji, swali la nani aanzishe litazua fitina kabla ya Jumapili. Waanzishe wawili, mmoja wa kila upande, wapokezane beti, na asiwepo atakayeimba ile ya kwanza na ya mwisho zote mbili. Ningependa zaidi wazee, wenye sauti zilizochakaa. Sauti nzuri mno huwafanya watu wapige makofi, na makofi hapa ni hatari, maana mtu anayepigiwa makofi amegeuka mwimbaji, na waliobaki wamegeuka watazamaji.

Mahali pake katika ibada, kwa kanisa la Kianglikana, pako tayari. Ni pale pa kupeana amani, kabla ya meza ya Bwana. Watu wanatoka vitini, wanashikana mikono, na wimbo unaanza wakiwa bado wamesimama vurugu, kabla kila mtu hajarudi kwenye benchi la watu wake. Makanisa mengine yatafute mahali panapofanana na hapo. Nisingeuweka mwisho wa ibada, kwa sababu huko watu wanatazama saa na matatu. Wala nisingeuweka mara baada ya mahubiri, maana utaonekana ni jibu la mhubiri, na mhubiri ana upande wake, atake asitake.

Dalili za kushindwa mtaziona siku hiyo hiyo. Sauti ikipanda upande mmoja wa kanisa kwenye mstari mmoja, mstari huo umepata mwenyewe. Macho yakielekea benchi moja, vivyo hivyo. Mtu akitoka nje na mtoto ambaye hakuwa analia, mwacheni, asifuatwe na mzee yeyote kuulizwa. Wimbo wa Uamsho ulifaa kwa sababu hakuna aliyehesabu nani ameimba. Siku ndugu walipoanza kuhesabu, wakipima nani amefufuka na nani amelala, walikuwa wamekwisha kugawanyika, ingawa bado walikuwa chumba kimoja.

Kijana mmoja ameniletea swali kwenye karatasi kabla hatujaanza, nami namjibu sasa. Ameuliza wimbo kama huu uimbwe kwa muda gani. Ndugu yangu, uimbwe mpaka watu wauzoee, kisha uondolewe. Usiingizwe kwenye kitabu cha kwaya, usirekodiwe, usipelekwe kwenye mashindano ya kwaya, hata ukisifiwa vipi. Baada ya miaka mitatu kanisa litakuwa na watoto wa Sunday school na wapangaji wapya kutoka Kayole na Umoja ambao hawajui paa wala ukuta. Wakiuimba wataanza kuuliza ulitungiwa nini, na kila atakayewajibu atalazimika kuanza na nani alifanya nini. “Tukutendereza” imeweza kudumu kwa sababu hakuna ugomvi wowote ulioandikwa ndani yake. Huu wenu una meza, una njaa na una deni. Waachieni wenyewe, na watoto wafundishwe za kwenye Tenzi za Rohoni.